"Na cha kushoto je?": kuandika upya jibu moja la shukrani

Maoni yenyewe kwanza, kama yalivyosomeka kwenye ramani ya Google chini ya kibanda cha fundi viatu mmoja wa Mbuyuni, Moshi:

"Kwa anayepita Moshi kabla ya kupanda mlima. Siku moja kabla ya safari soli ya buti yangu ya kulia ilibanduka yote nikiwa gesti. Nikaelekezwa kwa huyu mzee. Alikuwa ameshaanza kufunga, lakini akawasha taa akaanza kazi upya. Hakuniambia njoo kesho. Akapiga gundi, akashona kuzunguka, akanipa na kamba za akiba bure. Kiatu kimepanda na kushuka kizima. Mungu ambariki sana."

Nyota tano. Aliyeandika hajulikani: jina lake pale ni herufi mbili tu, na picha yake ni ya mlima wenyewe.

Fundi ana umri wa kuitwa babu na simu yake ni ya vitufe. Aliyekiweka kibanda kwenye ramani ni binti yake wa mwisho, na majibu yote huandika yeye. Mimi kazi yangu ni kunyoosha maandishi ya watu, kuanzia barua za maombi hadi risala za harusi, ndiyo maana akaja kwangu na rasimu. "Dada, hebu soma kabla sijatuma," alisema. "Naona limekaa vizuri, ila nikilisoma kwa sauti naona aibu." Rasimu ilikuwa hii:

"Mpendwa mteja, tunakushukuru kwa dhati kwa maoni yako mazuri. Maoni yako ni ya thamani kubwa kwetu na yanatupa hamasa ya kuendelea kutoa huduma bora na za uhakika kwa wateja wetu wote. Hongera sana kwa kufika kileleni! Tunatengeneza viatu vya aina zote, mabegi na mikanda kwa bei nafuu. Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi. Karibu tena, na usisite kuwaambia na wengine. Mteja kwanza!"

Kiswahili chake ni safi. Hakuna tusi wala kosa la tahajia, na duka kubwa lingelituma bila kufikiri mara mbili. Ubaya wake unaonekana ukilihamisha. Lichukue jibu hili, ulibandike chini ya maoni ya mtu aliyesifia saluni, kisha chini ya aliyesifia duka la dawa. Ukiondoa kilele, viatu, mabegi na mikanda, halibadiliki hata herufi. Yule mtu ameeleza soli, taa na kamba, na jibu halijagusa hata kimoja. Yaani limejibu nyota tano, aliyeziweka limempita.

Jambo la pili ni huyo "sisi". Tunakushukuru, tunatoa, wateja wetu wote. Pale kibandani kuna mzee mmoja, kigoda kimoja na benchi la kusubiria. Msomaji aliyewahi kupita Mbuyuni anajua hivyo, na huyu aliyeandika maoni alikaa kwenye benchi hilo hilo. Anaposoma "tunakushukuru kwa dhati" anajiuliza ni akina nani wanaozungumza. Kampuni yenye wafanyakazi mia inaweza kusema "sisi" na ikaeleweka. Fundi mmoja akisema hivyo anaonekana kavaa koti la kuazima.

Halafu matangazo. Katikati ya shukrani mtu anaambiwa bei nafuu na siku za kufungua, kama vile umemtembelea jirani kumpa pole, naye kabla hujakaa anakuuzia mayai. Google wenyewe huwashauri wenye biashara wajibu kwa ufupi na wasigeuze jibu kuwa tangazo, na hapo nakubaliana nao kabisa. Siku na saa za kufungua zina mahali pake pengine kwenye ukurasa ule ule, na anayetafuta fundi anaziona kabla hata hajashuka kwenye maoni.

Lakini sentensi iliyonitia wasiwasi kuliko zote ni ile fupi iliyoonekana ya upendo: "Hongera sana kwa kufika kileleni!" Rudi juu usome maoni tena. Yule mtu hakusema amefika kileleni. Amesema kiatu kimepanda na kushuka kizima. Kwa watu wa hapa, tunaowaona wakishuka kila wiki, hayo ni mambo mawili tofauti. Njia ya Marangu, kwa mfano, ina vibanda vya kulala Mandara, Horombo na Kibo, na kutoka Kibo, karibu mita 4,700, hadi Uhuru, mita 5,895, ndiko watu wengi wanakogeuzwa na kichwa kuuma na kutapika. Aliyegeukia njiani mara nyingi husema hivi hivi, "nimepanda na kushuka", na haongezi neno. Labda alifika. Labda hakufika, na ameandika kuhusu kiatu kwa sababu kiatu ndicho kilichomaliza safari bila aibu. Ukimpongeza hadharani kwa kilele ambacho hakukiona, umemgusa kidonda mbele za watu, na kumsahihisha sasa ni kazi yake. Binti aliposoma tena alishika mdomo. Alikuwa amejaza pengo kwa kile alichotamani kiwe kimetokea.

Nikamwambia aandike upya bila karatasi, kama angekuwa anaongea. Baada ya dakika chache akaniletea hii:

"Jamani jamani weweee! Umetutoa machozi hapa kibandani, mzee kacheka hadi basi! Wewe sasa ni familia, tunakupenda bure! Ukija tena Moshi ni lazima upite unywe chai, hatutaki kusikia sababu!"

Ilifuatiwa na safu ya emoji za mioyo na nyuso za kulia kwa kicheko.

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Wakiambiwa jibu limekauka, hukimbilia kulichangamsha, na mchangamko nao una mtindo wake wa kunakili. Hili la pili nalo ukilipeleka saluni linakaa. Zaidi ya hapo lina tatizo ambalo la kwanza halikuwa nalo: linasema uongo. Nilimuuliza, mzee alicheka? Hakucheka, alikuwa bado hajasomewa maoni yenyewe. Nani alilia? Hakuna. Na mtu aliyeandika kwa utulivu, sentensi fupi fupi, bila alama hata moja ya mshangao, anapewa kelele na kuitwa familia na watu ambao wamekutana naye jioni moja. Mgeni wa namna hiyo hurudi nyuma hatua moja. Si kwamba amechukizwa, ila hajui aseme nini tena.

Kwa hiyo tuliacha kuandika. Nilimwambia aende kibandani amsomee baba yake maoni neno kwa neno, kisha anyamaze aone mzee atasema nini. Nilimpa na maswali mawili ya kuuliza baadaye: je, unamkumbuka huyu mtu, na kuna kitu gani cha jioni ile ambacho yeye hajakiandika? Maswali haya ndiyo kazi yenyewe, na yaliyobaki ni kupanga maneno. Mgeni anajua alichofanyiwa, ameshakieleza. Asichokijua ni jinsi jioni ile ilivyoonekana kutoka upande wa pili wa kigoda, na ni kibanda hiki tu kinachoweza kumwambia.

Alirudi jioni akiwa na mengi. Mzee alisikiliza hadi mwisho huku akiwa na kiatu cha mtu mapajani, kisha akauliza, "Na cha kushoto je?"

Swali hilo lina maana yake kiufundi, na bila kuielewa usingeona kwa nini ni dhahabu. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la povu kati ya sehemu ya juu na mpira wa chini. Povu hilo huliwa polepole na unyevu wa hewani, hata kiatu kikiwa kabatini hakivaliwi. Juu kinang'aa kama kimetoka dukani jana, chini povu limeshakuwa unga. Mtu anakitoa kwa ajili ya safari, anatembea nacho siku moja au mbili, soli inabaki chini mguu unaendelea mbele. Ndiyo maana mzee, alipoletewa buti ile, hakukimbilia gundi. Alikwangua povu bovu mpaka akafika pagumu, akapiga msasa, akapaka gundi pande zote mbili na kuziacha zikauke kidogo hadi zisishike kidole, ndipo akabana. Gundi ya namna hiyo inahitaji kama siku nzima kukomaa, na mteja alikuwa na usiku mmoja. Kushona kuzunguka kwa uzi wa nailoni kulikuwa kwa ajili hiyo: uzi ushike wakati gundi bado inajifunga. Na kwa kuwa viatu viwili vya jozi moja vimezaliwa pamoja na kukaa kabati moja, kilichompata cha kulia kinakisubiri cha kushoto. Mteja alikataa kishonwe siku ile kwa sababu ya haraka. Mzee amekaa na swali hilo tangu hapo.

Mengine aliyokumbuka mzee: mteja alikuwa kijana wa kiume, taa ya kibandani ilikuwa hafifu na kijana ndiye aliyemmulikia kwa simu muda wote wa kushona, akibadilisha mkono, alipungukiwa pesa, mzee akapokea alichokuwa nacho, alikuwa akigombana na mtu kwenye simu kuhusu kuchelewa, na kamba zile za akiba hazikuwa mpya, zilitoka kwenye buti nyingine iliyokufa.

Hapo sasa kuna vitu vya kuandikia, na kazi inayofuata ni kuchuja. Kanuni ninayoifuata ni moja: kile ambacho mgeni hakukisema hadharani kuhusu nafsi yake, mimi sikisemi kwa niaba yake. Kupungukiwa pesa kunatoka, hata kama kinampamba mzee. Kinamwaibisha kijana, na pia kinamwambia kila atakayesoma kwamba bei ya kibanda hiki inashuka ukija na uso wa huzuni. Ugomvi wa kwenye simu unatoka bila mjadala. Kamba kuukuu zinatoka pia. Binti alitaka ziingie kwa sababu zilimchekesha, lakini kijana ameziandika kama zawadi, na zawadi haitolewi maelezo baada ya kupokelewa.

Kummulikia kwa simu kunabaki. Ni jambo dogo, la heshima kwake, na hakulitaja. Ukilisema umerudisha sehemu ya sifa mikononi mwake: buti ile imeshonwa na watu wawili. Hakuna maneno ya "tunathamini ushirikiano wako" yanayoweza kufanya hivyo.

Swali la mzee linabaki, na ndilo nililotaka libebe jibu zima. Watu wengi wangeliona halifai kwenye shukrani kwa sababu si shukrani. Ni onyo. Lakini mtu anayekumbuka mguu wako wa pili wiki kadhaa baada ya kukuhudumia hahitaji kukwambia kwamba unathaminiwa.

Tukaja kwenye nani anazungumza. Binti alifikiri aandike kama vile ni mzee mwenyewe: "Mwanangu, asante..." Nilikataa. Sauti ya mzee ikiandikwa na msichana wa miaka ishirini na kitu huwa na methali nyingi kuliko mzee yeyote aliye hai. Na siku kijana akirudi, akimkuta mzee ambaye husema maneno kumi kwa saa, atajua. Afadhali binti aseme wazi kwamba yeye ndiye aliyeshika simu, amemsomea baba, na baba kasema hivi. Ni ukweli, unamwonyesha mgeni kwamba maneno yake yalifika hadi kwenye kigoda, na swali la mzee linaweza kuwekwa kama alivyolitamka.

Kumwita nani pia kulitupa kazi. Herufi mbili na picha ya mlima havisemi kama ni mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo, na Kiswahili kinamruhusu mtu kuandika ukurasa mzima bila kujifichua. Bila kumbukumbu ya mzee tungeacha kabisa jina la heshima, au tungetumia "ndugu", ambalo halimkosei mtu. "Mpendwa mteja" ni la barua za benki. Kwa kuwa mzee alimkumbuka kijana wa kiume, na mwenye maoni amesema "buti yangu", "kaka" likawa salama kutoka kwa binti huyu. Ila tuliliweka mwishoni, kwenye pole. Kwenye mazungumzo ya kawaida ndipo linapotokea. Ukimfungulia mtu usiyemjua kwa "Kaka," mkato na yote, linasikika kama unataka kumkopa.

Na kulikuwa na deni moja ambalo rasimu zote mbili zililisahau. Kijana amesema "Mungu ambariki sana." Mtu akikuombea dua mbele za watu ukapita kimya kana kwamba hukusikia, wanaosoma wanaona, hasa hapa kwetu. Inajibiwa "Amina", na neno hilo Mkristo na Mwislamu wote wanalipokea. Binti aliuliza kama aongeze "nawe akubariki, akulinde, akufungulie milango". Nikamwambia Amina inatosha. Ukirundika dua juu ya dua, nayo inageuka kuwa fomu ya kujaza.

Kuhusu lile la "hakuniambia njoo kesho", nilimzuia asiligeuze kuwa kaulimbiu. Alikuwa ameshaandika pembeni: "Kwetu hakuna njoo kesho!" Sentensi tamu, ila ni ahadi, na itasomwa na kila mpandaji ambaye soli yake itabanduka saa mbili usiku. Mzee alifungua kibanda tena kwa mtu mmoja jioni moja. Hilo ni hisani, na hisani ukiitangaza kama utaratibu, wa kwanza kuumia ni yule aliyeitoa. Ushauri wa kweli kwa wapandaji ni kinyume chake: leta viatu siku mbili kabla, gundi ipate muda wake. Binti aliuandika kwenye maelezo ya kibanda, mahali pa kila mtu. Kwenye jibu haukuingia, kwa sababu pale anazungumza na mtu mmoja, na ukianza kuongea na umati huku umemkodolea macho yeye, anajua.

Jibu lililotoka ni hili:

"Asante kwa kurudi kuandika, na uchovu wote ule. Nimemsomea baba maneno yako akiwa kazini. Kitu cha kwanza alichouliza ni 'Na cha kushoto je?' Anasema vile viatu vina umri mmoja, kwa hiyo hicho nacho kipigwe uzi kabla hakijakufanyia kama mwenzake, kwa fundi yeyote aliye karibu nawe. Anakukumbuka kwa kumulika: anasema bila simu yako asingeiona ile mishono ya kisigino. Amina kwa dua yako. Pole na safari, kaka."

Lilinganishe na maoni yenyewe. Urefu unakaribiana, na hilo ni la makusudi. Mtu akikuandikia sentensi chache ukamrudishia aya tatu, umemzidi. Ukimrudishia "Asante" kavu baada ya kisa kizima, umempunja. Shukrani imekwenda kwenye kitendo: kurudi kuandika. Mtu aliyeshuka mlimani miguu inauma ana kila sababu ya kulala na kusahau, na huyu alikaa chini akamtafuta fundi kwenye ramani. "Asante kwa nyota tano" ingemfanya aonekane karani wa alama.

"Kwa fundi yeyote aliye karibu nawe" ni maneno niliyoyapigania. Binti aliona tunampeleka mteja kwa mwingine. Lakini yule kijana alikuwa anapita. Hatujui anaishi Dodoma, Mwanza au wapi. Ukimwambia akilete cha kushoto Mbuyuni, swali la mzee linageuka kuwa mbinu ya kumrudisha dukani, na joto lote linaondoka kwa maneno mawili. Ukimwambia aende popote, anajua kwamba kinachosemwa ni kuhusu mguu wake. Wengine wanaosoma wakiwa gesti na soli mkononi nao wataelewa hivyo hivyo, na hao ndio watakaokuja.

"Pole na safari" imechukua nafasi ya hongera. Inamfaa aliyefika Uhuru, inamfaa aliyegeukia Kibo, na haimuulizi lolote.

Kuna kitu kimoja nilikiacha ingawa mkono uliniwasha. "Na uchovu wote ule" imening'inia vibaya kidogo. Mhariri ndani yangu alitaka kuinyoosha iwe "licha ya uchovu uliokuwa nao". Lakini hivyo ndivyo binti anavyoongea, na sentensi moja iliyokaa upande katika jibu la namna hii haimuudhi mtu. Makosa ya makusudi siyawezi, mtu anayeandika "xana" na "cjui" ili aonekane wa kawaida anajulikana kwa mbali. Hili halikuwa la makusudi, ndiyo maana likabaki.

Jibu likatumwa. Pale mmiliki anapata nafasi ya jibu moja chini ya kila maoni, na anaweza kulihariri baadaye, ila mwandishi wa maoni hupewa taarifa linapochapishwa. Kwa hiyo la kurekebisha hurekebishwa kabla.

Shida halisi ilijitokeza baadaye, na sikuwa nimeitegemea iwe haraka hivyo. Binti alilipenda jibu lake. Akawajibu watu watatu waliofuata: "Nimemsomea baba maneno yako...", "Nimemsomea baba ujumbe wako...", "Baba nimemsomea...". Kila moja peke yake ni zuri, na kila moja lilikuwa kweli, kwa sababu kweli alikuwa anamsomea. Lakini majibu haya hayasomwi moja moja. Yanapangwa safu, moja chini ya lingine, na anayetafuta fundi anayapitia kwa kidole kimoja. Akikuta baba anasomewa mara nne mfululizo, hata lile la kwanza, la kijana wa buti, linageuka kuwa nakala ya mengine. Kabla ya kutuma jibu lolote, nilimwambia, soma yale matatu yaliyo juu yake. Kama mlango wa kuingilia ni ule ule, ingilia pengine. Aliyahariri mawili. Moja sasa linaanza na zipu ya begi moja kwa moja, bila baba, na linatosha.

Na si kila maoni yana kitu cha kushika. Wa mwisho alikuwa ameandika "Kazi safi", basi. Mzee hakumkumbuka, na hakuna alama yoyote ya kuonyesha ni nani. Binti alikaa na simu muda mrefu akitafuta la kusema, akajaribu kubuni jambo kuhusu viatu vya shule kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Januari. Nikamwambia asimbunie mtu kiatu. Maneno mawili yanajibiwa kwa maneno mawili au matatu. Akaandika "Asante sana, karibu tena", na hapo sikugusa kitu.